Swali la kura liwekwe wapi ndani ya mhadhara?

Swali: Nafundisha biolojia mwaka wa kwanza chuoni. Darasa lina wanafunzi 160 na mhadhara ni dakika 50. Nilishauriwa niweke swali la kura, lile ambalo darasa zima linajibu kwa kuchagua jibu, kila baada ya dakika 10 ili nijue kama wananielewa, na muhula mzima nimefanya hivyo. Karibu kila mara zaidi ya asilimia 90 wanapata, lakini kwenye mtihani mada zilezile wanaanguka vibaya. Je, nimeyaweka mahali pasipofaa, ni machache, au maswali yenyewe ndiyo mabovu?

Jibu:

Mwalimu, uchache si tatizo. Kwa dakika 50, maswali manne au matano ni mengi kupita kiasi. Tatizo ni mahali yanapokaa pamoja na aina ya maswali yanayozaliwa na mahali hapo, na mambo hayo mawili hayaachani. Ukiweka swali kwa kufuata saa, dakika ya 10 inakukuta popote: katikati ya maelezo au mwanzoni mwa mchoro mpya. Kwa kuwa ni lazima uulize kitu, utauliza juu ya kile ulichomaliza kusema sasa hivi. "Mmea huchukua gesi gani?" Slaidi bado iko ukutani au imetoka sekunde 20 zilizopita, na mwanafunzi hana haja ya kuelewa, anahitaji kukumbuka tu. Ndiyo maana unaona asilimia 90 na zaidi. Kipimo chako hakikudanganyi, ila kinapima jambo jingine.

Maswali ya kukumbuka nayo yana kazi yake, hivyo sisemi uyatupe. Mwaka 2013 Szpunar na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walitazama mhadhara wa takwimu wa video, wa kama dakika 21, uliokatwa vipande vinne. Waliokuwa wakiulizwa maswali mafupi baada ya kila kipande mawazo yao yalitangatanga kidogo, waliandika muhtasari zaidi, na mwishoni walifanya vizuri kuliko ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo swali la kukumbuka linamweka mtu macho na kumsaidia kushika alichosikia. Likiwa na kazi hiyo tu, liulize ukitaka, kwa dakika moja, na usisome matokeo yake kana kwamba yanakwambia wameelewa. Na ile sheria ya dakika 10 au 15, kwamba usikivu wa binadamu hukatika hapo, waliorudi kutafuta ushahidi wake waliukuta mwembamba sana. Usijifunge nayo.

Swali la kupima uelewa linakaa mahali tofauti, na mahali hapo unapatafuta kwenye mada yako, si kwenye saa. Chukua mpango wa mhadhara wako na mbele ya kila sehemu jiulize: ili sehemu hii iwe na maana, mwanafunzi lazima awe ameshaamini nini? Sehemu nyingi hazina jibu zito. Zinafuatana tu, na aliyepitwa na moja anaweza kuishika inayofuata bila shida. Lakini katika mhadhara mmoja kuna mahali pamoja, pengine pawili, ambapo asiyeelewa kilichotangulia atayasikia yote yanayofuata kama orodha ya majina. Hapo ni njia panda, na hapo ndipo swali linapokaa, kwa sababu ni hapo tu jibu la darasa linaweza kubadili utakachofanya dakika inayofuata. Kama ungeendelea na slaidi ileile bila kujali kura imetokaje, basi swali hilo umeliweka pasipolihitaji.

Nichukue mada ambayo bila shaka unaifundisha, usanisinuru, tuone jambo hili likifanya kazi.

Mpangilio wa kawaida unaanza na mlinganyo: hewa ukaa na maji vinaingia, sukari na oksijeni vinatoka, nguvu inatoka kwenye mwanga. Kisha kloroplasti na hatua zinazotegemea mwanga. Kisha mzunguko wa Calvin, ambamo hewa ukaa inafungwa na kujengwa kuwa sukari. Njia panda iko wapi? Iko kabla ya mzunguko wa Calvin. Mzunguko ule wote unajibu swali moja: mmea unajengaje mwili wake kutokana na hewa? Mwanafunzi ambaye moyoni anaamini mmea unajengwa kwa udongo hana swali hilo, na asiye na swali hilo ataona rubisko na vimeng'enya vingine kama majina ya kukariri. Atayaandika, atayasahau, na wewe utasahihisha karatasi yake ukishangaa, maana mlinganyo aliusema vizuri darasani.

Basi badala ya kuuliza mmea huchukua gesi gani, ukifika hapo, kama dakika ya 16, uliza hivi:

*Mti mkubwa umekatwa na gogo lake limekaushwa hadi maji yote yakaisha. Sehemu kubwa ya uzito wa gogo hilo kavu imetoka wapi?*
*A. Virutubishi vilivyofyonzwa kutoka kwenye udongo*
*B. Maji yaliyofyonzwa na mizizi*
*C. Gesi iliyoingia kupitia majani*
*D. Mwanga wa jua uliogeuzwa kuwa mata ya mmea*

Hakuna jibu lililoandikwa kwenye slaidi yoyote uliyoonyesha. Ila mwanafunzi aliyeuelewa mlinganyo, yaani anayeona kwamba unasema kitu fulani juu ya vitu vyenye uzito, anaweza kufika kwenye C peke yake. Aliyeukariri hawezi, na ataangukia anachokiamini tangu utotoni: kwamba mti unakula udongo. Sifa ya swali la njia panda ni hiyo, kwamba mtu hawezi kulipata kwa njia isiyo sahihi isipokuwa kwa bahati.

Tazama pia vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi. Kila kimoja ni kosa halisi lenye sababu yake. A ni imani ya kawaida, na hata neno "virutubishi" linaifanya ionekane ya kisayansi. D ni ya mtu aliyechanganya nishati na mata. Alisikia kwamba mwanga ndio unaoendesha kazi yote akadhani mwanga ndio malighafi. B ina heshima zake. Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa mwerebi wenye ratili 5 ndani ya chombo cha udongo uliopimwa, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ulifika ratili 169 na zaidi kidogo, na udongo ulipungua kama wakia 2 tu. Akahitimisha kwamba mti umejengwa kwa maji. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mwanafunzi wako anayechagua B yuko kwenye kundi zuri, na ni vyema umwambie hivyo.

Usivitunge vipotoshi kichwani mwako, maana mtu anayelijua somo ni mbaya sana kwa kubuni makosa: atabuni ambayo hakuna anayeyafanya. Wewe una hazina tayari, karatasi za mtihani za walioanguka. Zipitie ukiandika makosa kwa maneno yao wenyewe. Kama mada ni mpya, wiki moja kabla waombe wajibu kwa sentensi moja, bila machaguo, kwenye vipande vya karatasi. Vipange mafungu kwa mafungu. Mafungu matatu makubwa ya majibu yasiyo sahihi ndiyo vipotoshi vyako. Na kama fungu la pili lina karatasi nne tu, basi swali lako lina machaguo mawili, haina shida.

Shina la swali, yaani maneno yanayotangulia machaguo, nalo lina mitego. Nimeandika "kavu" kwa makusudi, kwa sababu mti ulio hai una maji mengi, na mwanafunzi mwerevu angetetea B kwa haki kabisa. Nimeandika "sehemu kubwa" kwa sababu hidrojeni iliyo kwenye sukari inatoka kwenye maji, na madini kidogo yanatoka kwenye udongo. Swali likiacha mlango kama huo, dakika zako za majadiliano zitaliwa na ubishi juu ya maneno, na hutajua kama darasa halijaelewa au umeuliza vibaya. Mpe mwenzako wa idara asome kabla, kama anauliza "una maana gani hapa?", wanafunzi watauliza pia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha kura yenye kazi na kura ya mapambo. Kabla ya kuingia darasani, andika chini ya swali, kwenye maandalizi yako, utafanya nini kura ikitoka vibaya, ikitoka nusu kwa nusu, na ikitoka vizuri. Ukiwa jukwaani saa inakimbia, slaidi 14 zinasubiri na watu 160 wanakutazama; kichwa kitakwambia "wengi wamepata, tuendelee" hata kama waliopata ni 70. Uamuzi uwe umeshafanyika.

Mipaka ya kuanzia ipo. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kufundisha kwa maswali ya namna hii, wanafunzi wakijibu kimya, wakijadiliana na jirani, kisha wakijibu tena. Mwaka 2001 yeye na Catherine Crouch walichapisha walichokiona kwa miaka kumi: majadiliano yanazaa zaidi pale ambapo kura ya kwanza ina majibu sahihi kati ya asilimia 35 na 70. Sababu yake inaeleweka. Chini ya 35, waliopata ni wachache mno na wengine walibahatisha, kwa hiyo majirani wengi watakuwa wanabadilishana ujinga. Juu ya 70, wengi hawana wa kumshawishi, na mazungumzo yatahamia kwenye mambo mengine kabla ya dakika kuisha.

Usiisome mipaka hiyo kama sheria ya chuma, na ukumbuke bahati. Swali la machaguo manne linampa asiyejua chochote nafasi moja kati ya nne. Tuseme asilimia 44 wamepata. Kama wasiojua wangegawanyika sawasawa kwenye herufi zote nne, wanaojua kweli wangekuwa kama robo tu ya darasa, na wengine 19 katika kila mia wameokota. Ukiwa na asilimia 70, wanaojua ni kama 60. Kwa kweli wasiojua hawagawanyiki sawasawa, kwa kuwa kipotoshi kizuri kinavuta, hivyo hesabu hii ni makadirio tu. Lakini inatosha kukufanya usishangilie 55.

Angalia pia idadi ya kura kabla ya asilimia. Darasani wapo 160, kura ni 104. Asilimia 60 za hao 104 si asilimia 60 za darasa, na mara nyingi wasiopiga kura ndio hasa uliotaka kujua habari zao. Wasubiri. Taja idadi kwa sauti ("nina 104, natafuta 150") na utaona inapanda.

Sasa mwendo wenyewe, tukiwa dakika ya 16. Ondoa slaidi ya mlinganyo. Kama ulitoa muhtasari uliochapwa, hakikisha jibu halimo. Onyesha swali, lisome mara moja, kisha nyamaza. Dakika moja, au moja na nusu, kila mtu peke yake. Hapa walimu wengi wanavunjika moyo na kimya, wanaanza kutoa vidokezo, na vidokezo vinapandisha kura bila kupandisha uelewa. Vumilia. Kisha wapige kura.

Kura ikifungwa, itazame wewe peke yako. Usiwaonyeshe chati. Ukionyesha nguzo moja imeinuka kuliko zingine, wanafunzi wanahamia huko kwenye kura ya pili hata kama hawakushawishika, na utapata picha ya makubaliano ambayo si uelewa. Hilo limepimwa katika madarasa ya biolojia, na jibu lililoongoza likionyeshwa, watu walilikimbilia. Programu nyingi za kura zinaonyesha matokeo papo hapo zikiachwa zilivyo, hivyo zima kitu hicho kwenye mipangilio kabla ya kipindi.

Tuseme kwako imetoka hivi: A asilimia 31, B 12, C 44, D 13. Iko ndani ya mipaka. Sema tu, "Hatujakubaliana. Tafuta jirani aliyechagua herufi tofauti na yako, mweleze kwa nini, dakika mbili." Neno "tofauti" ni muhimu, la sivyo marafiki wenye jibu moja watapongezana. Wewe usibaki jukwaani. Shuka, pita kwenye safu, sikiliza bila kusahihisha. Hapa unapata ambacho nguzo za chati haziwezi kukupa, yaani sababu. Utamsikia mmoja akisema "hewa haina uzito, itajengaje gogo?" Hilo si kosa la usanisinuru hata kidogo, ni la kemia ya kidato, na hakuna maelezo ya kloroplasti yatakayoliondoa. Sasa unajua la kusema.

Kuna watu wanaodhani majadiliano haya ni njia ya wanyonge kunakili kwa mwerevu aliye karibu. Michelle Smith na wenzake waliliangalia hilo kwenye kozi ya jenetiki katika Chuo Kikuu cha Colorado, wakachapisha mwaka 2009. Baada ya majadiliano waliwapa wanafunzi swali la pili lenye wazo lilelile kwa sura nyingine, wajibu kila mtu peke yake. Walifanya vizuri zaidi kwenye hilo la pili, na hata vikundi ambavyo mwanzoni hakuna aliyekuwa na jibu sahihi vilipanda. Wangekuwa wananakili tu, swali jipya lingewaumbua.

Kura ya pili. Ikifika, tuseme, asilimia 76, sasa onyesha kura zote mbili na ueleze. Usiishie "jibu ni C". Muulize aliyehama kutoka A kilichomhamisha. Kisha toa hesabu, maana darasa la sayansi linaamini hesabu: molekuli ya glukosi, C₆H₁₂O₆, ina uzito wa 180. Kaboni ni 72, oksijeni 96, hidrojeni 12. Kaboni na oksijeni hizo zimetoka kwenye hewa ukaa, jumla 168 kati ya 180, yaani kama asilimia 93. Maji yamechangia zile 12 za hidrojeni. Oksijeni inayotolewa hewani ndiyo iliyotoka kwenye maji. Sasa fungua mzunguko wa Calvin, na rubisko anaingia akiwa na kazi inayojulikana: yeye ndiye anayeikamata hewa.

Na kura ya kwanza ingekuwa 24? Hapo maandalizi yako yalishasema: hakuna majadiliano. Rudi, lakini usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Njia ya pili uwe nayo mfukoni. Mimi ningewapa takwimu za mwerebi wa van Helmont bila hitimisho lake na kuwauliza ni chaguo lipi linaanguka. Wataiua A wenyewe, kwa sababu wakia 2 haziwezi kujenga mti mzima. Baada ya hapo swali linabaki kati ya maji, hewa na mwanga, na kura mpya kwa kawaida inaingia kwenye eneo la kujadilika. Ikitoka 85, eleza kwa dakika moja na songa, ila tazama hao 15 wamekaa wapi. Wakiwa wametawanyika ni kelele tu. Wote wakiwa kwenye D, sentensi mbili juu ya nishati na mata zitawaokoa. Ikitoka 97, futa swali hilo kwa mwaka ujao au lisogeze mbele. Hapo hapakuwa na njia panda.

Hesabu muda wote: kujibu, kujadiliana, kujibu tena na kueleza ni dakika sita hadi nane. Ndiyo sababu nilisema manne au matano ni mengi. Kwa dakika 50, yanaingia mawili kamili na labda moja fupi la kukumbuka mwanzoni. Dakika kama 15 zitatoka kwenye mambo uliyokuwa ukiyasema, hakuna namna. Ondoa yale ambayo wanaweza kuyasoma wenyewe bila kupotea: majina ya sehemu za kloroplasti, historia, mchoro wa pili unaosema ulichosema mchoro wa kwanza. Usiondoe maelezo ya njia panda.

La pili kamili ningeliweka karibu dakika ya 38, mzunguko wa Calvin ukiwa umeisha, na lisiwe juu ya mzunguko huo. Liwe wazo lilelile la gogo limevaa nguo nyingine, kwa sababu ulichopima dakika ya 16 kilikuwa uelewa wa dakika chache baada ya maelezo, na unataka kujua kama umekaa. Kuna swali ambalo limezunguka kwa walimu wa biolojia kwa miaka mingi. Mbegu zimegawanywa mafungu matatu yenye uzito sawa. La kwanza limeachwa kavu kwenye mwanga. La pili limemwagiliwa maji, likaota kwenye mwanga. La tatu limemwagiliwa, likaota gizani. Baada ya siku kumi yote yanakaushwa kwenye oveni na kupimwa. Lipi litakuwa jepesi kuliko yote?

Wengi watasema la kwanza, maana halikukua. Jibu ni la tatu. Miche ya gizani ni mirefu, inaonekana kubwa, lakini imekuwa ikichoma akiba yake kwa upumuaji wa seli na kuirudisha hewani kama hewa ukaa, bila kuingiza kaboni mpya. Mbegu kavu zimekaa karibu kama zilivyokuwa. Mwanafunzi aliyesema C kwa sababu jirani alisema C atakwama hapa. Aliyeelewa kwamba uzito unaingia na kutoka kupitia hewa atalipata, na zaidi atakuwa ameshafunguliwa mlango wa mhadhara wako unaofuata juu ya upumuaji. Usishtuke asilimia zikishuka kuliko zile za kura ya mwisho ya gogo. Kushuka huko ndiko kipimo halisi, na ndiko kulikokuwa kunaonekana kwenye mtihani wako.

Kuhusu alama, toa kwa kushiriki, au usitoe kabisa. Ukitoa kwa kupata, mazungumzo ya jirani yanageuka kuwa kumtafuta anayejua na kumfuata, na kura ya pili inakuwa kura ya watu wachache. Majina yasionekane kwa wenzao pia.

Kuhusu vifaa sina mengi. Simu ni nzuri kwa kuwa inahesabu na kuhifadhi. Mtandao ukikataa, au darasani kuna wasio na simu, kadi nne zenye A, B, C, D zinafanya kazi. Nathaniel Lasry alilinganisha kadi na vifaa vya kielektroniki katika darasa la fizikia, akachapisha mwaka 2008, na hakuona tofauti katika kujifunza. Sharti ni kadi ziinuliwe kwa pamoja, kifuani, baada ya kuhesabu hadi tatu, ili wa nyuma wasisome za mbele. Huwezi kuhesabu kadi 160, wala huhitaji. Unahitaji kujua kama ni chini ya theluthi, katikati, au wengi mno, na rangi tofauti kwa kila herufi zitakuonyesha hilo kwa kutupa macho.

Kwa wiki ijayo, chagua mhadhara mmoja tu wa kujaribu, usibadili muhula mzima. Tafuta njia panda moja, andika swali kutoka kwenye karatasi za mtihani, andika uamuzi wa matokeo matatu chini yake, na ufute maswali mengine yote ya siku hiyo. Jioni, kabla hujasahau, andika pembeni asilimia za kura ya kwanza na ya pili pamoja na sababu mbili tatu ulizozisikia ukipita kwenye safu. Mwakani utakapofundisha mada hiyo, hizo sababu ndizo zitakazokuwa vipotoshi vyako vipya.